Jaribio la Jiografia: Mabara, Bahari Kuu na Sura za Nchi

Kidato cha Pili, Malindi
Muda: dakika 40. Jumla ya alama: 28

Jaribio hili lina maswali kumi na manne, na kila jibu sahihi lina alama mbili. Chagua jibu moja tu kwa kila swali, kisha uandike herufi yake kwenye karatasi yako. Maswali ya mwanzo yanahusu dunia nzima. Ya baadaye yanarudi pwani yetu, kuanzia Marafa na mlango wa mto Sabaki hadi visiwa vya Lamu, kwa sababu mwanafunzi wa Malindi ana bahati ya kuyaona kwa macho mambo ambayo wengine huyasoma vitabuni tu. Usitazame sehemu ya majibu kabla ya kumaliza.

SEHEMU YA KWANZA: MASWALI

1. Ni orodha ipi inayoyapanga mabara manne makubwa kuanzia lile kubwa zaidi?
A. Afrika, Asia, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini
B. Asia, Amerika ya Kaskazini, Afrika, Amerika ya Kusini
C. Asia, Afrika, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini
D. Asia, Afrika, Amerika ya Kusini, Ulaya

2. Katika ramani nyingi za ukutani, kisiwa cha Grinlandi huonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa. Kwa kweli Afrika ni kubwa kuliko Grinlandi kwa takriban
A. mara mbili
B. mara tano
C. mara nane
D. mara kumi na nne

3. Bara gani pekee linapitiwa na Ikweta, Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni?
A. Asia
B. Afrika
C. Amerika ya Kusini
D. Australia

4. Nahodha anang'oa nanga Malindi, ambayo iko takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na kwenda mashariki moja kwa moja bila kuiacha latitudo hiyo. Atafika kwanza katika nchi gani kati ya hizi?
A. India
B. Sri Lanka
C. Indonesia
D. Australia

5. Kwa nini pepo za kaskazi na kusi hupokezana kila mwaka katika Bahari ya Hindi?
A. Nchi kavu ya Asia hupata joto na kupoa haraka kuliko maji ya bahari.
B. Mwezi huvuta maji upande mmoja kwa miezi sita.
C. Mito mikubwa ya Asia humwaga maji baridi baharini.
D. Dunia hubadilisha upande inaozungukia.

6. Sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini iko katika bahari gani?
A. Bahari ya Hindi
B. Bahari ya Atlantiki
C. Bahari ya Aktiki
D. Bahari ya Pasifiki

7. Bara gani halina wakazi wa kudumu?
A. Australia
B. Antaktika
C. Ulaya
D. Amerika ya Kusini

8. Kabla ya kuchimbwa kwa mfereji wa Suez, Afrika na Asia ziliunganishwa hapo na ukanda mwembamba wa ardhi wenye maji pande mbili. Ukanda wa namna hiyo huitwaje?
A. Rasi
B. Ghuba
C. Shingo ya nchi
D. Mlangobahari

9. Lamu, Manda, Pate na Kiwayu kwa pamoja ni
A. funguvisiwa
B. delta
C. rasi
D. uwanda wa juu

10. Kwa nini ufuo wa ghuba ya Malindi umekuwa ukisogea kuelekea baharini?
A. Maji ya bahari yanapungua duniani kote.
B. Mto Sabaki huleta mchanga na tope, ambavyo mawimbi huvitandaza ufuoni.
C. Volkano iliyo chini ya bahari inainua ardhi.
D. Matumbawe yameota juu ya ufuo.

11. Kwa nini matumbawe hayastawi mbele kabisa ya mlango wa Sabaki, ilhali yanastawi kusini zaidi katika hifadhi ya bahari ya Malindi?
A. Maji ya mlangoni ni ya moto mno.
B. Samaki wa mlangoni huyala matumbawe yote.
C. Tope huzuia mwanga wa jua, na maji matamu hupunguza chumvi.
D. Kina cha mlangoni ni kirefu mno.

12. Vilima vya mchanga vya Shela na vya Mambrui vimeundwa hasa na
A. barafu
B. upepo
C. volkano
D. tetemeko la ardhi

13. Makorongo ya Marafa, yenye kuta zilizochongoka za rangi nyeupe, ya waridi na nyekundu, yametokana na
A. mmomonyoko wa maji ya mvua katika miamba laini
B. mlipuko wa volkano
C. mabamba ya dunia kuachana
D. mawimbi ya bahari ya leo

14. Ni safu au mlima upi uliotokana na mabamba mawili ya ganda la dunia kugongana na kukunja miamba?
A. Kilimanjaro
B. Mlima Kenya
C. Mlima Meru
D. Himalaya

SEHEMU YA PILI: MAJIBU NA MAELEZO

1. C. Asia ina takriban kilomita za mraba milioni 44.6, na Afrika takriban milioni 30.3.

2. D. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo kila ramani hulazimika kupotosha kitu. Ramani iliyobuniwa na Mercator mwaka 1569 iliwafaa mabaharia kwa kuwa inahifadhi pembe za dira, lakini huzikuza nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Grinlandi, yenye takriban kilomita za mraba milioni 2.2, huvimba kupita kiasi, na Afrika, iliyo katikati, hubaki karibu na kipimo chake. Ni haki ya kila mwanafunzi wa Kiafrika kujua ukubwa halisi wa bara lake, na mwenye shaka na alinganishe na tufe.

3. B. Tropiki ya Kansa hupita Sahara, Ikweta hukata Kenya, na Tropiki ya Kaprikoni hupita kusini mwa bara. Amerika ya Kusini inakosa Tropiki ya Kansa, Asia inakosa ya Kaprikoni, na Australia inapitiwa na ya Kaprikoni tu.

4. C. Wengi huchagua India, kwa kuwa majahazi ya pwani hii yalifanya biashara nayo kwa karne nyingi. Lakini India na Sri Lanka ziko kaskazini mwa Ikweta, na sehemu ya kaskazini kabisa ya bara la Australia iko karibu nyuzi 11 kusini. Nahodha wetu angevuka upana wote wa Bahari ya Hindi hadi pande za Sumatra. Swali la namna hii hujibiwa kwa kusoma latitudo, wala si kwa kukumbuka majina.

5. A. Ardhi hupata joto upesi na kupoa upesi, ilhali maji huchelewa katika yote mawili. Wakati wa kiangazi cha kaskazini, Asia hupata joto, hewa juu yake hupanda, na upepo kutoka baharini huvuma kuelekea huko. Kwetu huo ndio msimu wa kusi, unaoanza mnamo Aprili. Asia inapopoa, hewa nzito hushuka na kuvuma kuelekea bahari, nasi tunapata kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi Aprili mwaka 1498 na kufika Kalikuti, India, mwezi Mei, na hakuwa wa kwanza kuutumia upepo huo: mabaharia wa Waswahili, Waarabu na Wahindi walikuwa wakiutegemea tangu zamani.

6. D. Ni mfereji wa Mariana, magharibi mwa Pasifiki, wenye kina cha karibu kilomita 11. Ungeuweka humo mlima Everest, wenye mita 8,849, kilele chake kingefunikwa na maji ya kilomita mbili hivi. Mfereji huo umetokea mahali ambapo bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine.

7. B. Wanaokaa Antaktika ni wanasayansi na wasaidizi wao, ambao huenda kwa zamu.

8. C. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1869. Usichanganye shingo ya nchi na mlangobahari: ya kwanza ni ardhi nyembamba kati ya maji mawili, na wa pili ni maji membamba kati ya nchi mbili, kama Bab el Mandeb kwenye mdomo wa Bahari ya Shamu.

9. A. Funguvisiwa ni kundi la visiwa vilivyokaribiana. Delta pia haiko mbali, kwani mto Tana humwaga maji yake katika ghuba ya Ungwana, kati ya Malindi na Lamu.

10. B. Swali hili linastahili kutazamwa kwa makini. Mto huu huanza katika nyanda za juu za kati ukiitwa Athi, huitwa Galana uingiapo Tsavo, na Sabaki ukaribiapo bahari. Njiani huzoa udongo wa mashamba yasiyo na kinga, na ndiyo maana baada ya mvua kubwa bahari mbele ya mji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mto unapofika baharini kasi yake hupungua, hivyo huanza kuangusha mzigo wake: mchanga mzito huanguka kwanza, na tope jepesi huenda mbali. Kusi hulisukuma tope hilo kaskazini, na kaskazi hulirudisha upande wa Malindi. Kazi hii ya mto na bahari kuangusha vilivyobebwa huitwa uwekaji, nayo ni kinyume cha mmomonyoko.

11. C. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mimea midogo ndani ya miili yao, na mimea hiyo huhitaji mwanga ili kuwatengenezea chakula. Maji yenye tope huwanyima mwanga huo. Mizoga yao ya chokaa, ikirundikana kwa maelfu ya miaka, ndiyo jiwe lililojenga nyumba za mji wa kale wa Lamu.

12. B. Upepo wa baharini huupandisha mchanga mkavu wa ufuoni kupitia mteremko mpole, kisha mchanga huporomoka upande wa pili, ulio mkali zaidi. Vilima vya Shela vina faida nyingine isiyoonekana: mvua huchujika ndani yake na kuhifadhiwa chini kama maji matamu yanayotumiwa na mji wa Lamu. Kujenga juu yake, kwa hiyo, ni kuhatarisha visima.

13. A. Kila mvua kubwa hukata kidogo, na rangi zinazoonekana ni matabaka ya mchanga na udongo yaliyolala moja juu ya jingine. Nyekundu hutokana na chuma kilichopata kutu.

14. D. Bamba la India liligonga lile la Asia na bado linalisukuma, ndiyo sababu Himalaya inaendelea kuinuka. Chaguo tatu nyingine zote ni volkano. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, na Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ilijengwa na lava iliyorundikana. Ingawa yote miwili ni milima mirefu, mwanafunzi anayeitofautisha na Himalaya kwa urefu peke yake hajaelewa chanzo chake.