Miaka mitatu ya zabibu chachu 🍇

Leo imetimia miaka mitatu tangu mtoko wetu wa kwanza, na hapana, simtagi mtu. Mwenyewe anajijua, na najua anasoma hii saa hizi ofisini huku kajifanya yuko bize na kompyuta.

Tulipanga Nyerere Square, saa kumi na moja jioni. Mimi nikafika na nusu, makusudi kabisa, nisionekane nina haraka, kumbe mwenzangu kaja saa kumi na mbili kasoro eti bajaji zilikuwa za shida. Mtu anatokea Area C jamani 😂 haya tuliachie hapo.

Na upepo wa Agosti wa Dodoma mnaujua, haupigi hodi. Nywele nilizohangaika nazo lisaa lizima zikawa kama nimetoka kutafuta kuni, mtandio ukanitoka shingoni ukaondoka na vumbi lake, na mtu fulani akaufuata kwa ile hatua ya mwanaume anayekimbia ila hataki aonekane anakimbia. Akaurudisha umekunjwa vizuri, cha ajabu. Hapo nikamuongezea maksi, nilikuwa sijawahi kumwambia.

Halafu sasa zabibu. Mgogo wa kujisifia, kazaliwa hapahapa, akaniambia zabibu usichague wewe, niachie mimi. Akashika kishada, akakigeuza kwenye jua, akakigonga gonga (zabibu inagongwa kama tikiti??), akamtikisia muuzaji kichwa kama bwana shamba kabisa. Tukakaa kwenye benchi, nikatia moja mdomoni. Chachu! Ile ya kufumba jicho moja bila kupenda. Nikamuangalia, naye kafumba la kwake. Hakuna aliyesema kitu. Tukala kishada chote mpaka kikabaki kijiti, tunatabasamu tu kama tumelipwa, na swali alilokuja kuniuliza baada ya hapo ndo sababu niko hapa leo naandika. Swali siwaambii. Jibu nililompa ndo kabisaaa, maana halikuwa hata jibu, ilikuwa kikohozi.

Wifi zangu msianze kunifuata inboksi, mkamuulize kaka yenu, na yeye hasemi. Tulikubaliana ya kwenye benchi yabaki kwenye benchi.

Ila wewe. Wewe unayesoma huku unacheka chini chini mpaka wenzio wanakushangaa. Bado unachelewa, bado unasema "nipo njiani" nikiwa nasikia kabisa maji ya bafuni, na bado tukipita kwenye meza ya zabibu unanyamaza unaangalia pembeni. Nimekuzoea hivyohivyo na sitaki wakubadilishe.

Leo saa kumi na moja, palepale. Mtandio nimeubana na pini mbili. Zabibu nanunua mimi, naonja kwanza, na wewe usishike kishada cha mtu.

Na lile swali uniulize tena, safari hii sikohoi 🤭