Mabango ya Kulinda Mikono: Karakana ya Vyuma na Mitumbwi, Igogo, Mwanza

Bango la "Usalama Kwanza" halimwambii fundi mkono wake auweke wapi. Kwa hiyo mabango yetu ni manne, matatu yanakaa kwenye mashine zake na la nne mlangoni, na kila moja linadai jambo ambalo mkono unaweza kulitii papo hapo.

Drili ya meza
Picha: mkono mtupu kwenye mpini, chuma kimebanwa na jiriwa. Kando yake glovu ya uzi imejiviringisha kwenye biti, imepigwa X nyekundu.
Maneno: VUA GLOVU. BANA CHUMA.
Chini: *Biti ikinasa uzi mmoja, inavuta kidole kabla hujaifikia swichi. Machicha ya chuma yaondoe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama.*

Hili ndilo bango gumu kuliko yote, maana wengi tunaamini glovu inalinda kila mahali. Glovu ya ngozi ivaliwe wakati wa kubeba mabati na vyuma vyenye makali. Kwenye kitu kinachozunguka kama biti, ivuliwe. Tusipoyatenganisha haya mawili, fundi ataona tunajipinga.

Grenda
Picha: mikono miwili imeshika grenda, kinga iko kati ya diski na fundi.
Maneno: HAKUNA KINGA, HAKUNA KUWASHA.
Chini: *Grenda ikiandikwa mizunguko 11,000 kwa dakika, diski iwe 11,000 au zaidi. Diski ya kukatia usisagie kwa ubavu, itapasuka. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha diski.*

Jiwe la kunolea
Picha: jiwe, egemeo, na katikati mstari mwekundu wa unene halisi wa mm 3.
Maneno: NAFASI ISIZIDI MSTARI HUU.
Chini: *Ikizidi, kipande kinazama kati ya jiwe na egemeo, na kidole kinafuata. Zima, subiri jiwe lisimame, ndipo urekebishe.*

Mlangoni, juu ya sanduku la huduma ya kwanza
Maneno: KIDOLE KIKIKATIKA
*Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono. Kidole kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko uweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu. Nenda nacho hospitali mara moja.*
Barafu ya samaki haikosekani huku ziwani, na ndiyo inayoponza: mtu anakitupa kidole moja kwa moja kwenye barafu, nyama inaganda na kuharibika.

Chapeni kwa ukubwa wa A2, maneno makuu sentimita 4, na yafunikwe kwa plastiki. Picha zipigwe humu humu, kwenye mashine zetu, mwenye mikono akiridhia. Damu isionekane: watu hugeuza macho, na maneno hayasomwi.

Kabla ya kuchapa, waonyesheni wanagenzi watatu kila bango na waulizeni, "Linakwambia ufanye nini?" Mmoja akijibu, "Niwe mwangalifu," liandikwe upya.