Mada: Gesti za labu, kusevu kazi na snepshoti (someni mpaka chini tafadhali)

Habarini vijana,

Najua mkisikia gesti mnacheka, haya chekeni mmalize. Naongelea zile mashine pepe nane, g01 mpaka g08, zinazokaa ndani ya seva moja pale karibu na dirisha. Tunashea kwa sababu seva ina memori GB 32 tu na kila gesti inakula 3, kwa hiyo kila mtu kuwa na yake haiwezekani, pigeni hesabu wenyewe.

Kilichonifanya niandike ni ya Alhamisi. Kundi la asubuhi wamekaa g07 siku tatu wanaweka DNS, zoni zinajibu, mambo safi. Mchana saa tisa akaja mtu wa kundi lingine, akakuta netiweki ya gesti inamzingua, hakuuliza mtu, akairudisha kwenye snepshoti ya Jumatatu. Yake ikapona, ya wenzake yote ikaenda. Dada mmoja wa lile kundi alisimama mlangoni kashika daftari ambalo alikuwa ameandika zoni zake kwa peni, ndo kitu pekee kilichobaki. Aliyefanya simtaji, kashaniomba radhi.

Jamani kurudisha snepshoti sio Ctrl+Z. Haifuti kosa lako peke yake, inarudisha diski nzima ya gesti ilivyokuwa siku ile, na chochote kilichoandikwa baada ya hapo, chako au cha mwenzako, hakipo tena na mimi sina pa kukitoa. Kwa hiyo kuanzia leo harudishi mtu bila kuangalia daftari la mezani nani mwingine anatumia hiyo gesti, na wote walioandikwa wakubali. Wasipopatikana nifuate mimi.

Kabla ya kufanya kitu cha hatari piga snepshoti, ila zima gesti kwanza. Ukipiga ikiwa inawaka inabeba na memori yake, faili linavimba bure. Mfano:

```
virsh shutdown g07
virsh snapshot-create-as g07 k3-w4-kabla-ya-dns
virsh snapshot-list g07
virsh start g07
```

Subiri izime kweli kabla ya mstari wa pili, hakikisha na `virsh list --all`. Na tafadhali msitumie `virsh destroy` eti kwa sababu shutdown inachelewa, ile ni sawasawa na kuchomoa waya ukutani.

Jina la snepshoti liwe na kundi, wiki na sababu kama hapo juu. Juzi g03 nimekuta snepshoti 19, kuna "test", "test2", "mwisho", "mwisho kabisa", na moja imeitwa "usifute" ambayo hakuna hata mmoja anayeijua. Zote zinakula diski ya seva, na diski ikijaa gesti zinaganda, unaona tu imeandikwa `paused`, sio moja, yoyote inayotaka kuandika, na hapo mnakuja kwangu wote mkiwa mmenuna. Kila kundi mbili tu kwa gesti. Ukitaka ya tatu futa ya zamani, YAKO:

```
virsh snapshot-delete g07 k3-w2-kabla-ya-apache
```

Sasa kusevu, hapa ndo mnakosea wengi. Snepshoti sio bakapu. Zinakaa ndani ya faili lile lile la diski ya gesti, kwenye diski ile ile ya seva, ikifa zinakufa pamoja. Kazi yako weka kwenye folda ya kundi, na kabla hujaondoka itoe nje ya gesti, kwenye kompyuta unayotumia halafu flashi:

```
scp -r k3@g07:kazi ./k3-kazi
```

Fungua faili moja uone limekuja kweli, sio unaona asilimia 100 unakimbilia daladala la Ngamiani. Na umeme wetu mnaujua, UPS inashikilia kama dakika kumi, ikianza kulia usimalizie "kitu kidogo tu", sevu, zima gesti, toka.

Paswodi ya kundi msibadilishe. Na anayeacha gesti inawaka usiku kucha bila mtu simwelewi, memori sio ya kwake peke yake.

Jumatano saa kumi jioni nafuta snepshoti zote zisizo na jina la kundi. Kama "usifute" ni yako, usiibadilishe jina, njoo tuongee kabla ya hapo, nipo labu kuanzia saa mbili asubuhi isipokuwa muda wa chai.

Kuna flashi nyeusi ya GB 16 imesahauliwa karibu na seva, iko kwenye droo yangu, mwenyewe aje aniambie ndani kuna nini.

Fundi wenu wa labu