Maelezo Binafsi ya Mwombaji: Shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula

Sehemu ya C. Kikomo: herufi 9,000 pamoja na nafasi. Usiandike jina lako katika sehemu hii.

Naomba ufadhili wa kusoma Shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nina miaka 24, ni mzaliwa wa Kayenze, wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza, na kazi yangu ni dagaa. Sivui. Naanika, nachambua, nafunga magunia na kutunza daftari la kikundi cha akina mama 14 kwenye mwalo wetu. Ninachokifuata chuoni ni kitu kimoja: namna ya kumkausha dagaa wakati jua halipo, na namna ya kujua kwa kipimo, si kwa kubahatisha, kwamba kweli amekauka.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi humfahamu dagaa akishafika sahanini. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu ya kumvuta na mitumbwi hubaki nchi kavu. Mzigo ukishuka alfajiri, mama aliyenunua ndoo zake hana muda wa kupoteza: dagaa asipotandazwa mapema, jua likipanda tumbo linapasuka na nzi wanajua. Siku ya jua kali, aliyetandazwa asubuhi anakusanywa jioni. Siku ambayo wingu linatokea upande wa Ukerewe saa saba mchana na mvua ikashuka, mzigo unaloa, unageuka rangi, unaanza kunuka. Unaishia kwa wanaotengeneza chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata pesa ya ndoo. Vuli na masika ndiyo miezi yetu mibaya. Mvua mbili zikifuatana zinatosha kummaliza mama mwenye mtaji mdogo, na nimewaandika kwenye daftari waliomalizwa hivyo.

Mama yangu ni mwanikaji, baba hutengeneza nyavu. Baada ya kidato cha nne nilijiunga na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), kampasi ya Nyegezi, nikahitimu stashahada ya uchakataji wa samaki, udhibiti wa ubora na masoko kwa wastani wa alama 4.1. Vyeti nimeviambatanisha, kwa hiyo sitatumia herufi kuvisimulia.

Kilichonibadilisha mawazo ni mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Sangara mmoja anapimwa joto akishuka, anapimwa tena akiwa mezani, barafu ina daftari lake, na sampuli zinapelekwa maabara. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu, na baada ya hapo ukaguzi ukakazwa kwelikweli. Dagaa hajawahi kufungiwa mlango na mnunuzi mkubwa wa namna hiyo. Kwa uzito anazidi samaki wengine wote wanaovuliwa ziwani, analiwa mzima na mifupa yake, ndiye protini na kalsiamu ya mtoto ambaye kwao sangara hanunuliki, na bado kipimo chake cha ubora ni kidole cha anayemuuza. Nilitoka pale kiwandani nikijiuliza kwa nini samaki wa maskini akaguliwe kwa macho tu.

Kamati itakuwa imesoma mara nyingi kwamba waanikaji waache mchanga watumie chanja. Nakubali, lakini ushauri huo hutolewa kana kwamba akina mama hawajui. Wanajua sana. Mchanga haulipiwi, chanja inataka miti, misumari na nyavu, na ikilala mwaloni bila mlinzi asubuhi unakuta nguzo tu. Mchanga wa moto pia hukausha haraka upande wa chini. La kuumiza zaidi, wanunuzi wengi hununua kwa ndoo au gunia, na hapo dagaa safi na dagaa mwenye mchanga hupishana bei kidogo sana. Kikundi chetu kilijenga chanja kwa nyavu chakavu alizotupa baba, tukakubaliana kwanza na mnunuzi mmoja wa Mwaloni Kirumba kwamba mzigo usio na mchanga ataulipia zaidi. Makubaliano yalitangulia, chanja zikafuata. Bila bei hiyo nisingemshauri mama yeyote atumbukize pesa kwenye miti.

Sasa nije kwenye kipimo. Kwetu dagaa anakunjwa: akivunjika kwa mlio amekauka, akipinda anarudi juani. Kasoro yake ni kwamba kichwa na mkia hukauka kabla ya tumbo, na anayetaka kuuza huvunja mkia. Nilichukua mbinu ya wakulima wa mahindi, nikaijaribu mwaloni. Unaweka dagaa wachache ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unafunga, unatikisa, unasubiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu bado upo. Dagaa waliokuwa wakivunjika kwa mlio mzuri kabisa waliigandisha chumvi mpaka ikawa utando mweupe. Akina mama walicheka, wakasema chupa ilikuwa na maji. Tukaianika chupa, tukarudia, chumvi ikaganda tena. Siku zilizofuata waliokuwa wakicheka walikuja na chupa zao.

Sababu niliipata kwenye vitabu vya chuo. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji pale unyevu wa hewa inayoizunguka unapofika takriban asilimia 75. Kwa hiyo chumvi inayobaki kavu inatuambia tu kwamba kiwango cha maji huru ndani ya dagaa, kinachoandikwa aw, kiko chini ya 0.75 hivi. Bakteria wengi hawakui chini ya 0.90, lakini zipo aina za ukungu zinazoendelea kukua hata kwenye 0.70, na gunia linalokwenda Kongo au Zambia hukaa njiani na ghalani muda wa kutosha kuota. Yaani chupa yetu inamkamata dagaa mbichi waziwazi na kumpitisha aliyekauka nusunusu. Kifaa cha kupima aw kipo maabara, si mwaloni. Nataka kujifunza kukitumia vizuri kiasi cha kuweza kutengeneza kipimo cha bei ndogo na kukilinganisha nacho, nijue kinakosea wapi na kwa kiasi gani.

Upande wa ukaushaji nao nimegonga ukuta. Tulijenga banda dogo la nailoni linalokusanya joto la jua. Linafanya kazi mvua ikiwa ya rasharasha, lakini chanja zilizo karibu na tundu la hewa hukauka mapema na za ndani hubaki laini. Tukizuia hewa ili joto lipande, dagaa hukauka nje haraka, ganda linakaza, maji yanabaki ndani. Naelewa kinachotokea, ila siwezi kukokotoa ukubwa wa tundu, mwinuko wa paa wala kasi ya hewa inayotakiwa. Stashahada ilinifundisha kutunza ubora uliokwishapatikana. Kubuni mtambo ni somo la uhandisi wa chakula, na nimelikuta kwenye shahada ninayoiomba. Nahitaji pia kemia ya mafuta, kwa sababu dagaa ana mafuta yanayochacha juani hata akiwa mkavu, na mikrobiolojia ya chakula. Vifungashio navyo, maana tunauza kwenye magunia yanayopitisha unyevu halafu tunashangaa.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Kipato cha nyumbani hupanda na kushuka na mwezi, na mvua hukipunguza tena. Wadogo zangu wawili wako sekondari. Ada haipo, lakini sare, daftari na michango havijaisha. Nimeweka akiba ya shilingi 1,150,000, ambayo itanifikisha Morogoro, itanunua godoro na kunivusha wiki za mwanzo. Ada na malazi siviwezi. Nimeomba pia mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nikiupata nitawaarifu mara moja, ili kile ambacho mkopo umekilipa mfuko usikilipe mara ya pili. Kompyuta sihitaji, ninayo ya mtumba na inafanya kazi.

Fomu inauliza nitafanya nini baada ya kuhitimu. Sitaahidi kiwanda. Kiwanda kinataka mtaji ambao sijui utatoka wapi, na mwalo wetu umeshaona mabango ya miradi yakipauka. Ninachoweza kuahidi ni hiki: likizo za chuo nitazifanyia kazi Kayenze, mafunzo kwa vitendo nitaomba yahusu dagaa, na utafiti wa mwaka wa mwisho utakuwa ni banda la kukaushia lililojaribiwa msimu wa mvua kwenye mwalo halisi, likilinganishwa na mchanga na chanja kwa muda, unyevu, uchafu na bei iliyopatikana sokoni. Michoro na gharama zake nitaviandika kwa Kiswahili, fundi seremala wa Igombe au Ukerewe aweze kujenga bila kuniita. Nikihitimu, kikundi kimekubali kunipa kazi ya kusimamia ubora kwa asilimia ndogo ya mauzo. Muhtasari wa kikao uliosainiwa na mwenyekiti umeambatanishwa. Si mshahara wa kujivunia, lakini utanitunza huku nikitafuta nafasi ya afisa uvuvi au maabara hapahapa kanda ya ziwa.

Mdhamini wangu wa kwanza ni mkufunzi aliyenisimamia Nyegezi, wa pili ni mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti hasomi barua pepe, tafadhali mpigieni simu. Mimi niko tayari kwa usaili wa simu, au wa ana kwa ana Mwanza. Siku za mbalamwezi napatikana wakati wowote. Siku za giza naomba iwe baada ya saa kumi jioni, mzigo ukiwa umeshakusanywa.