Korosho Thelathini za Mwalimu Wangu

Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi mliokusanyika hapa Tandahimba leo, tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1994, naomba radhi kwanza kwa kuwa nimetoka ghalani moja kwa moja na vumbi la magunia bado limo shatini. Shairi hili namsomea mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la nne, aliyeketi pale mbele kivulini, ambaye amestaafu lakini bado anatembea na kipande cha chaki mkobani.

Mwalimu, leo ni siku, uliyotengewa wewe,
Nami, karani wa huku, nimeomba nisikiwe,
Nisije kama kasuku, nikasifu nisijuwe,
Maneno nataka yawe, yenye uzito kupima.

Msimu ukishawadi, shule naipa kisogo,
Naokota kwa juhudi, kichwani nina mzigo,
Na wewe hukunirudi, hata kwa fimbo kidogo,
Ukakatisha mihogo, ukanifuata nyuma.

Ulitukuta shambani, mabibo yamedondoka,
Ukaketi kivulini, pasipo hata kufoka,
Ukamwomba kwa imani, baba akalainika,
Kesho yake nikafika, darasani nikasoma.

Kugawa kukanishinda, darasa likazomea,
Machozi yakanitanda, ubao ukapotea,
Ukanipa bila inda, nafasi ya kurudia,
Nao ukawaambia, watulie, wakakoma.

Jioni ilipofika, chini ya mti wa shule,
Kanga ukaitandika, thelathini ziwe pale,
Korosho nikaziweka, mafungu huku na kule,
Nikakosa vilevile, tukaanza tena, mama.

Mara ya tatu na nne, jua likizama mbali,
Hukutaka nikuone, umenuna kwa ukali,
Ukangoja nipambane, na lile fungu la pili,
Zilipolingana kweli, ukacheka, ukahema.

Tulikaa sakafuni, madawati yalo haba,
Kitabu ki mapajani, kimoja watoto saba,
Ukainama pembeni, kila pengo ukaziba,
Asiye mama na baba, ulimpa neno jema.

Waliotoka jandoni, na mabinti wa unyago,
Wakirejea shuleni, wameachwa si kidogo,
Hukuwatupa njiani, wala kuwapa kisogo,
Jumamosi, bila zogo, kwako walikuja soma.

Chama chetu cha msingi, kimenipa ukarani,
Magunia yaja mengi, nayapanga mizanini,
Namba sizipigi rangi, nazisoma hadharani,
Mkulima huamini, hata kama hajasoma.

Walikuja wa kangomba, korosho za mafichoni,
Wakasihi na kuomba, ziingie kitabuni,
Nikakikumbuka chumba, chetu kile, sakafuni,
Wakarejea njiani, na mzigo wao nyuma.

Ulisema kila namba, ina mtu nyuma yake,
Aliyelima mashamba, kwa jembe na nguvu zake,
Ukipunja ukatamba, umekula jasho lake,
Ukataka tuandike, mara kumi, bila kwama.

Mmoja yupo Masasi, naye pia ni mwalimu,
Mwingine huvua ngisi, Mikindani, kazi ngumu,
Tunapopata nafasi, jina lako huwa tamu,
Kila mtu na sehemu, akumbukayo daima.

Asante nakuletea, si ya mdomo wa leo,
Saa ulizozitoa, hazikuwa na kituo,
Watukutu ukalea, ukawapa kimbilio,
Wazee wenye kilio, nawasikiliza vema.

Sasa nitoe na siri, ya mwaka ule, nitubu,
Kwa utundu, si kwa shari, nilivuruga hesabu,
Moja nikaisitiri, mfukoni, taratibu,
Huenda ndiyo sababu, fungu moja lilikwama.

Nilipoona wangoja, huchoki wala hununi,
Niliirudisha moja, kwa aibu ya moyoni,
Zikawa zote pamoja, thelathini za kangani,
Ulijua, naamini, ila hukutaka sema.

Zawadi niliyoleta, ni doti ya kanga, yako,
Humo ndani utapata, korosho kwenye kifuko,
Thelathini, sikukata, hesabu kwa macho yako,
Safari hii mfuko, wangu mtupu, tazama.