Kumjibu Mama Rukia: kwa nini vitumbua vinanata katikati

[Komenti inatokea juu ya skrini na kubaki hapo sekunde kumi. Chini yake mezani: bakuli la mchele uliolowekwa, chuma cha vitumbua chenye mashimo saba, kitumbua kimoja juu ya sahani.]

Mama Rukia: "Habari dada. Naomba unisaidie bila kunicheka. Wiki hii nimepika vitumbua mara tatu. Nje vinapendeza, nikikata katikati vinanata, na chini kuna utepe mzito kama mpira. Mchele naloweka masaa mawili. Hamira nimeongeza mpaka vijiko viwili vya chai, rojo likaumuka hadi likamwagika nje ya bakuli, bado hali ile ile. Jumamosi tuna hitima ya marehemu mama na nataka kupeleka vya mkono wangu. Nakosea wapi?"

Mama Rukia, shikamoo kama umenizidi, na kama tu rika moja basi hujambo. Pole na msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Hapa hachekwi mtu. Tena umeuliza vizuri: umetaja muda, umetaja kipimo, umesema unata uko upande gani wa kitumbua. Kwa maelezo hayo jibu linapatikana. Hamira haina kosa. Tatizo limeanzia kwenye kuloweka, likaendelea kwenye kusaga, na hamira ya ziada ikalizidisha.

[Kamera inasogea. Kisu kinakata kitumbua kutoka juu kwenda chini. Nusu mbili zinageuzwa kuelekea kamera.]

Hiki kimepikwa makusudi kwa mchele wa masaa mawili, kama ulivyofanya wewe. Angalia. Juu kuna vitundu vidogo vidogo, ndivyo inavyotakiwa. Shuka chini: vitundu vinakwisha, halafu unaona mstari wa kijivujivu, unang'aa kidogo, hauna tundu hata moja. Huo ndio mpira wako. Ni chenga za mchele ambazo hazikusagika. Bakuli likikaa linaumuka, chenga zinazama taratibu, juu panabaki maji yenye povu. Ukichota unapata kitumbua kimoja chepesi na kingine kizito, na hata ndani ya kimoja, uzito wote umelala chini.

Ila kuna unata wa aina ya pili, usivichanganye. Ukikata ukakuta chini pako sawa lakini katikati panatiririka kama uji, huo ni moto mkali: nje kumebadilika rangi kabla joto halijafika ndani. Wewe umesema nje vinapendeza na katikati vinanata, kwa hiyo nadhani una kidogo cha moto pia. Tutafika.

[Mkono unachukua punje ya mchele na kuivunja kwa ukucha.]

Mchele uloweke usiku kucha, masaa manane. Ukiwa na haraka sana, masaa sita. Kipimo cha kujua umelowana ni hiki: chukua punje, ibonyeze kwa ukucha. Ikivunjika ukaona katikati bado kuna kiini kigumu cheupe, rudisha kwenye maji. Ikipondeka kama chaki mbichi, tayari. Tumia mchele mweupe wa kawaida, wa zamani kidogo. Mchele wa msimu mpya hunata zaidi. Na ule wa njanonjano unaokuwa umechemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa, achana nao kabisa kwa kazi hii, blenda haiulainishi.

Vipimo vya vikombe viwili vya mchele mkavu, kikombe cha mililita 250: tui zito la nazi kikombe kimoja na robo, sukari nusu kikombe, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, chumvi unaichukua kwa ncha za vidole. Vinatoka kama 25 kwa chuma cha kawaida.

Chuja mchele, uache kwenye chujio dakika tano maji yaishe. Watu wengi hawangoji, halafu wanashangaa rojo limekuwa jepesi. Saga kwa awamu mbili, nusu ya mchele na nusu ya tui. Blenda ikizunguka dakika moja na nusu, izime, ipumzike, rudia. Si kwa ajili ya mashine peke yake: rojo likipata moto ndani ya jagi, hamira utakayoitia itaanza kazi kabla ya wakati, na likichemka zaidi itakufa. Gusa jagi kwa nje. Likiwa la moto, subiri. Sukari usiisage pamoja na mchele. Ikiyeyuka inalegeza rojo, utadhani umeweka tui jingi wakati hukuweka.

[Kidole gumba na cha shahada vinasugua tone la rojo, karibu sana na kamera.]

Hapa ndipo penye jibu la swali lako, Mama Rukia. Tone moja, sugua hivi. Ukisikia mchanga, kama sukari ambayo haijayeyuka, rudisha kwenye blenda. Unatakiwa usikie kama poda ya mtoto iliyolowana. Usitegemee macho, kwa macho linaonekana laini mapema mno.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka. Chota robo kikombe ya rojo hilo, weka kwenye sufuria ndogo na nusu kikombe ya maji, koroga juu ya moto mdogo mpaka liwe uji mzito unaong'aa. Dakika tatu hivi. Uache upoe hadi uvuguvugu, kisha uchanganye na rojo lote. Mchele hauna ule mvutano wa unga wa ngano unaoshika hewa. Uji ndio unaofanya kazi hiyo: unabeba chembe zisizame na unazuia mapovu yasitoroke. Wapo wanaotumia wali wa jana, vijiko vitatu vya mezani, wanausaga pamoja. Unafaa pia, kazi yake ni ile ile. Wapo wanaotia beking pauda. Mimi sishauri, inaacha ladha ya chumvichumvi na iliki inapotea.

Tia sukari, iliki, chumvi, halafu hamira. Koroga. Chota kwa upawa umimine kutoka juu kidogo: utepe ukae juu ya rojo kama sekunde mbili ndipo uzame. Ukizama papo hapo, ni jepesi, pika kijiko kingine cha uji uongeze. Ukikaa bila kuzama, tia tui kijiko kimoja kimoja.

[Bakuli mbili sambamba. La kwanza limeumuka na uso wake umejaa vitundu. La pili limeporomoka katikati.]

Funika kwa kitambaa. Kwenye joto la Dar au Tanga, dakika 45 hadi saa moja. Kwenye baridi ya Njombe au Mbeya inaweza kufika saa moja na nusu, hata zaidi, kwa hiyo saa ya ukutani isikuamulie. Angalia bakuli. La kushoto limepanda karibu mara moja na nusu, juu limejaa vitundu, harufu ni tamu. Hilo ndilo. La kulia ndilo la vijiko viwili vya hamira: lilipanda kwa kasi, mapovu yakawa makubwa, yakapasuka, likaanguka, na linanukia uchachu. Lako lililomwagika nje ya bakuli lilishapita hapo. Kwa hiyo kijiko kimoja tu.

[Chuma juu ya jiko la mkaa. Mafuta yanatiwa kwenye mashimo kwa kijiko.]

Chuma. Kipate moto kwanza kikiwa kitupu, ndipo utie nusu kijiko cha chai cha mafuta kila shimo, na uyazungushe yafike ukingoni. Dondosha tone la rojo: likichemka taratibu na kuelea, anza. Likigeuka kahawia hapo hapo, punguza makaa. Koroga rojo kidogo kutoka chini kila kabla ya kuchota, mara mbili tatu, usilipige. Jaza shimo robo tatu, siyo pomoni.

Ukingo ukikauka na vitundu vya juu vikibaki wazi bila kujifunga, ndipo ugeuze kwa kijiti cha mshikaki. Takriban dakika tatu upande wa kwanza, mbili hadi tatu upande wa pili. Kikiiva kabla ya dakika mbili, moto ni mkali, na huko ndiko unata wa katikati unakotoka. Shimo la katikati huwahi kuliko ya pembeni, ligeuze la kwanza. Kikigoma kutoka, usikichokonoe, nyunyiza mafuta pembeni usubiri nusu dakika. Na chuma usikisugue kwa waya, kinapoteza utelezi wake.

Vikitoka vitandaze kwenye ungo. Usivifunike vya moto, mvuke utavilowesha na utarudi kwangu kuniambia vinanata. Usikate kabla ya dakika kumi.

[Karatasi yenye saa zilizoandikwa kwa mkono inawekwa mezani.]

Sasa Jumamosi yako. Tuseme unataka vitumbua mia: mara nne ya vipimo hivi. Kwa chuma cha mashimo saba ni mikupuo 15, kila mmoja kama dakika sita, yaani saa moja na nusu mbele ya jiko. Rojo likiwa bakuli moja, la mwisho litakuwa limechacha. Kwa hiyo gawa bakuli mbili. Loweka mchele Ijumaa saa nne usiku. Asubuhi saa kumi na mbili saga wote. Tia hamira na sukari bakuli la kwanza saa moja, la pili dakika 45 baadaye. Hilo la pili kabla ya zamu yake likae bila hamira, mahali penye ubaridi. Saa mbili unaanza kuchoma, saa tatu na nusu umemaliza. Ukipata chuma cha pili cha kuazima, muda unapungua nusu.

Visiingie friji, mchele uliopikwa hukakamaa kwenye baridi. Vikae kwenye hotpoti vikiwa vimeshapoa, juu yake karatasi, kifuniko kiwe wazi kidogo.

[Komenti ya Mama Rukia inarudi kwenye skrini.]

Leo ni Jumanne, Mama Rukia. Usisubiri Jumamosi ndipo ujaribu. Kesho usiku loweka kikombe kimoja tu, Alhamisi asubuhi pika nusu ya vipimo, kata kimoja kikishapoa, kipige picha upande wa ndani, uiweke hapa chini ya video hii. Nikiona mstari wa chini umetoweka na katikati bado kunanata, nitajua ni moto peke yake, na bado utakuwa na Ijumaa nzima ya kurekebisha.