Ripoti ya Warsha ya Upimaji wa Maziwa, Njoro: Walichojifunza Makarani na Kitakachobadilika Vituoni

Kwa: Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Usimamizi
Kutoka: Idara ya Ubora wa Maziwa
Tarehe: 24 Machi 2025

Ripoti hii inachukua nafasi ya ile iliyofika mbele ya Kamati tarehe 17 Machi. Ile ilieleza ratiba ya siku tatu, tarehe 11 hadi 13 Machi: nani alifungua, mada gani ilifuata chai, vikundi viligawanywa vipi, vyeti vilitolewa saa ngapi. Wajumbe waliisoma wakauliza swali moja: karani akirudi kituoni, atafanya nini ambacho hakuwa akikifanya? Majibu ndiyo haya. Ratiba na mahudhurio viko kwenye faili ya warsha kwa anayevihitaji.

Walihudhuria watu 18: makarani 14 kutoka vituo vyetu 7, na madereva 4 wa magari ya kukusanya maziwa. Kila karani alipewa jaribio la vitendo asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya somo lolote, na jingine mchana wa siku ya tatu kwa sampuli mpya. Aliwekewa sampuli 4 zisizo na alama: maziwa mazima, maziwa yaliyotiwa maji, maziwa yaliyoanza kuchacha, na maziwa yaliyochanganywa na dang'a. Alitakiwa kupokea au kukataa, na kuandika sababu. Tumehesabu jibu kuwa sahihi pale tu uamuzi na sababu vilipokuwa sahihi vyote viwili, kwa kuwa karani anayekataa maziwa bila kujua kwa nini hawezi kumweleza mkulima.

Laktometa

Ripoti ya kwanza ilisema, "Washiriki walifundishwa matumizi ya laktometa." Karibu wote walikuwa wakiitumia tayari. Jambo jipya kwao lilikuwa kwamba namba ya laktometa haiamui chochote mpaka joto la maziwa lijulikane. Siku ya kwanza makarani 4 kati ya 14 walipima joto na kusahihisha usomaji. Siku ya tatu walikuwa 12.

Laktometa zetu zimesawazishwa kwa nyuzi 20 za selsiasi. Maziwa yakiwa juu ya hapo, kila nyuzi moja huongezewa 0.2 kwenye usomaji. Yakiwa chini, kila nyuzi moja hupunguziwa 0.2. Mfano uliowafungua macho makarani wengi ni wa wakulima wawili wanaofika kituoni kwa kufuatana. Kikomo chetu cha kupokea ni 28, yaani uzito wa 1.028. Maziwa ya wa kwanza yanasoma 27.6 kwa nyuzi 23: ongeza 0.6, upate 28.2, yapokelewe. Ya wa pili yanasoma 28.2 kwa nyuzi 17: toa 0.6, upate 27.6, yatiliwe shaka ya maji. Karani asiye na kipimajoto angemrudisha nyumbani mwenye maziwa mazima na kumpokea mwenye maziwa ya kushukiwa. Kwenye vituo vyenye baridi kama Mau Narok na Molo, ambako maziwa ya jioni hulala nje usiku kucha, kosa la namna hii humfaidi mwenye kutia maji na kumwumiza jirani yake mwaminifu. Ndiyo maana tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Usahihishaji huu unafaa maziwa yakiwa kati ya nyuzi 17 na 24. Yakiwa baridi zaidi, sampuli hupashwa kidogo kwa kuweka silinda ndani ya maji vuguvugu. Yakiwa yametoka kukamuliwa, husubiri angalau nusu saa, kwa sababu joto liko juu na hewa iliyomo ndani hushusha usomaji hata kama hakuna tone la maji.

Makosa ya mkono yalijitokeza pia, na haya yamerekebishwa kwa wote. Maziwa hukorogwa mpaka chini ya mkebe kabla ya kuchota sampuli, la sivyo malai hubaki juu na usomaji hupanda au kushuka kulingana na mahali ulipochota. Silinda huinamishwa wakati wa kumimina ili povu lisitokee. Laktometa huachwa ielee katikati bila kugusa ukuta, na macho huwa sawa na uso wa maziwa. Laktometa yenye mabaki ya mafuta huwa nzito na kuzama zaidi, hivyo husoma chini. Huoshwa na kukaushwa baada ya kila foleni ya asubuhi.

Makarani wameelewa vilevile mahali kipimo hiki kinapoishia. Anayeengua malai kwanza kisha akatia maji anaweza kupata usomaji wa kawaida, kwa kuwa kuengua hupandisha namba na maji huishusha. Kwa mkulima anayeshukiwa mara kwa mara, sampuli itatumwa kupimwa mafuta badala ya karani kubishana naye langoni.

Kipimo cha alkoholi

Hapa kasoro kubwa ilikuwa kwenye chupa, maana makarani wenyewe walijua hatua. Vituo 3 vilileta alkoholi vinayotumia, na katika kila kimoja sampuli iliyochacha ilipita bila kuganda. Ilipopimwa tena kwa alkoholi mpya iligandana mara moja. Sababu zilikuwa mbili: chupa kuachwa wazi, alkoholi ikaruka hewani, na kuongezwa maji kwa kukisia ili itoshe wiki. Sasa kila karani anajua kutengeneza alkoholi ya asilimia 68: mililita 68 za alkoholi ya asilimia 96 pamoja na mililita 28 za maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya bomba au ya kisima hayatumiki.

Kipimo chenyewe ni mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi kwenye bomba la kioo, kupindua taratibu mara mbili tatu, kisha kutazama ukuta wa bomba kwenye mwanga. Chembe zikionekana, maziwa hayapokelewi.

Somo lililobadilisha namna ya kuzungumza na wakulima ni hili: kuganda hakumaanishi lazima kwamba maziwa yamechelewa. Dang'a huganda. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yanaweza kuganda pia, hata yakiwa ya saa hiyo hiyo. Siku ya kwanza makarani 11 waliandika "yamechacha" kwenye sampuli yenye dang'a. Siku ya tatu walibaki 3. Karani sasa huuliza maswali mawili kabla ya kuandika sababu: ng'ombe amezaa lini, na je, kuna chuchu yenye uvimbe au maziwa yenye mabonge. Mkulima anayeambiwa "maziwa yako yameharibika" wakati ng'ombe wake ni mgonjwa huenda nyumbani akiwa na hasira, na ng'ombe habaki na tiba.

Madereva na mikebe

Wote 4 walikuwa wakianza kuosha mikebe kwa maji ya moto. Maji ya moto kwenye mkebe wenye mabaki hupika protini na kuigandisha kwenye ukuta, kisha utando mgumu hujengeka ambapo bakteria hujificha. Mpangilio walioufanya mpaka ukakaa mkononi ni: suuza kwa maji baridi mara tu mkebe unapomwagwa, sugua kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni ya vyombo vya maziwa, suuza, tia dawa ya klorini kwa kipimo cha lebo, kisha pindua mkebe kwenye kichanja ukauke. Mkebe uliofunikwa ukiwa na maji hautakubaliwa garini.

Ambacho hakijashika

Makarani 2 bado wanachanganya kuongeza na kutoa kwenye joto. Wamepangiwa asubuhi tatu pamoja na karani mwandamizi wa Njoro, na mpaka wapite jaribio hawatapima peke yao.

Mabaki ya dawa za ng'ombe ni pengo letu kubwa zaidi. Washiriki wanajua kwamba siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ni lazima ziishe kabla maziwa hayajaletwa, na kwamba laktometa na alkoholi hazigundui dawa. Hata hivyo hakuna kituo chenye vifaa vya kuipima. Warsha haikuziba pengo hili na hatudai kwamba imeziba.

Mabadiliko kazini kuanzia Jumanne, 1 Aprili 2025

Daftari la mapokezi litakuwa na safu tatu mpya kwa kila sampuli iliyopimwa kwa laktometa: usomaji, joto, na usomaji uliosahihishwa. Mstari usio na joto utahesabiwa kuwa haukupimwa. Mwenye wajibu ni karani wa zamu.

Chupa ya alkoholi itaandikwa tarehe ya kutengenezwa na jina la aliyetengeneza, itafungwa kila baada ya matumizi, na itamwagwa baada ya siku 7. Muda huu ni kanuni yetu wenyewe ya tahadhari.

Maziwa yakikataliwa, mkulima atapewa karatasi yenye sababu moja kati ya hizi: maji, kuchacha, dang'a, shaka ya ugonjwa wa kiwele, au harufu na uchafu. Shaka ya kiwele itapelekwa siku hiyo hiyo kwa afisa wetu wa mifugo.

Mkulima anayetibu ng'ombe atamjulisha karani, naye ataandika tarehe ya mwisho ya kusubiri kwenye ubao wa kituo kwa namba ya mwanachama, bila jina.

Tunachoomba Kamati iamue kabla ya 31 Machi

Vipimajoto 9, kimoja kwa kila kituo na 2 vya akiba. Bila hivyo safu ya joto itajazwa kwa kukisia na kazi yote ya laktometa itapotea. Silinda 4 za kupimia badala ya zilizopasuka. Vichanja 7 vya kukaushia mikebe, ambavyo fundi wa mbao yeyote anaweza kutengeneza. Fedha zikitosha kwa kimoja tu, tunaomba vipimajoto.

Namna ya kujua kama yameshika

Idara itatembelea kila kituo bila taarifa mara moja Aprili na mara moja Juni. Mkaguzi atachukua mistari 20 ya daftari na kukokotoa upya usahihishaji. Lengo ni mistari 18 iwe sahihi. Atapima pia maziwa ya mkebe mmoja uliokwisha kupokelewa, kwa alkoholi aliyokuja nayo.

Tunaiomba Kamati itarajie maziwa yanayokataliwa vituoni kuongezeka katika Aprili, kwa kuwa yale yaliyokuwa yakipita kwa alkoholi dhaifu sasa yataonekana. Kipimo cha kutazamwa ni gari zima linalorudishwa na kiwanda, kwa kuwa hapo hasara huwa ya wanachama wote. Hesabu za Januari hadi Machi zitawekwa kando ya zile za Aprili hadi Juni, kituo kwa kituo, katika ripoti itakayofika kwenu tarehe 14 Julai.